Mzungu "amefunga reti" tarehe 1 Aprili, mimi nimebadilishiwa kwa reti ya tarehe 8. Nani kanipiga?

Mama wa Njiro
Jumanne, 14 Aprili 2026

Wakuu habari za jioni, hasa mliowahi kukaa ndani ya benki, sio nje kwenye foleni kama mimi.

Nina kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha, magari mawili na ofisi ya chumba kimoja Njiro. Wakala wangu wa Munich alikuwa ananidai nafasi ya wageni wanne na mimi namdai malipo ya awali, ankara ya dola 9,600. Jumatano tarehe 1 Aprili mchana akaniandikia barua pepe: nimelipa leo, benki imeshafunga reti, karatasi hii hapa. Kwenye karatasi ni kweli kuna kiwango kimeandikwa na tarehe ni 1 Aprili.

Nikasema safi. Watu wote wanasema hela ya nje ni siku mbili, basi Ijumaa ipo. Kumbe Ijumaa ni Ijumaa Kuu. Jumamosi asubuhi nikapita tawini, palikuwa wazi, kijana wa kaunta akaniangalizia, hakuna kitu. Jumatatu ya Pasaka wamefunga. Jumanne tarehe 7 Karume Day, wamefunga. Jumatano tarehe 8 mchana ndio simu ikalia: hela imeingia, na kwa kuwa akaunti yangu ni ya shilingi imeshabadilishwa.

Sasa nikalinganisha bei ya ubaoni ya tarehe 1 na ile waliyonipa tarehe 8. Imeshuka shilingi 25 kwa dola. Piga hesabu: 240,000 zimeyeyuka wakati nakula pilau ya Pasaka. Nilipouliza naambiwa "reti ni ya siku hela inapoingia". Mbona mzungu alishafunga reti wiki nzima kabla? Nataka kuandika barua ya malalamiko ila kwanza nieleweshwe. Nani kanipiga hapa?

---

Kaka Sanya

Dada yangu umepigwa na benki, hilo halina mjadala. Hela imetoka kwa mzungu tarehe 1, wameikalia siku saba wanaichezea, dola iliposhuka ndio wakakubadilishia. Hizo siku mbili zilikuwa za enzi za teleksi, barua inasafiri, karani anapiga mhuri. Leo ujumbe unafika sekunde tatu. Andika barua, nakala kwa Benki Kuu.

---

Mpita Njia

Mbona mimi shemeji yangu akinitumia kutoka Nairobi naipata kwenye simu hata Jumapili usiku? Badilisha njia tu mama, achana na benki.

---

Mama wa Njiro

@Mpita Njia asante, ila wakala wa Munich hawezi kunitumia dola 9,600 kwenye simu. Na ananilipa kampuni kwa kampuni, mahesabu yake yanataka karatasi ya benki.

---

Bwana Dawati

Mama wa Njiro, pole. Nimekaa miaka kumi na moja kwenye dawati la fedha za kigeni la benki moja, sasa nalima parachichi Usa River na usingizi wangu ni mzuri zaidi. Barua usiandike kwanza.

Hapo kuna reti mbili na wewe umezisoma kama moja. Angalia tena ile karatasi ya Munich. Kiwango kilichoandikwa ni cha nini kwa nini?

---

Mama wa Njiro

Subiri niifungue... Imeandikwa EUR/USD. Namba yake ni moja na nukta.

---

Bwana Dawati

Ndiyo hiyo. Mzungu ana euro, ankara yako ni ya dola. Akaiambia benki yake: ninunulieni dola 9,600. Walichofunga tarehe 1 ni bei ya yeye kununua dola kwa euro zake. Hiyo ilimhusu yeye tu, iwe nzuri iwe mbaya, wewe ulikuwa unapata 9,600 zile zile. Bei ya dola kwa madafu hakuna mtu aliyeigusa tarehe 1. Haikufungwa na yeyote, wewe mwenyewe hukuifunga, kwa hiyo ilikuwa inaelea kuanzia siku ile mpaka mtu alipoibonyeza tarehe 8.

Sasa kwa nini tarehe 8 na sio tarehe 3. Watu wanasema "siku mbili" kama vile ni saa 48. Sivyo. Ukinunua fedha ya kigeni leo mnapatana bei leo, na makabidhiano yanafanyika siku ya pili ya kazi. Siku ya makabidhiano ndiyo inaitwa tarehe ya thamani. Na "siku ya kazi" maana yake fedha zote mbili ziwe kazini, sio tawi lako liwe wazi. Euro ina kalenda yake. Mfumo wa malipo ya euro unaitwa TARGET, na kwa mwaka mzima ukiacha Jumamosi na Jumapili unafunga siku sita tu: Mwaka Mpya, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Mei Mosi, na tarehe 25 na 26 Desemba. Siku hizo hata ungekuwa rais huwezi kulipa euro benki kwa benki kupitia huko.

Hesabu na mimi kwa vidole. Wamepatana Jumatano tarehe 1. Alhamisi tarehe 2 ni siku ya kwanza. Siku ya pili ingekuwa Ijumaa tarehe 3, euro imefunga. Jumamosi na Jumapili hazihesabiki. Jumatatu tarehe 6, euro imefunga tena. Jumanne tarehe 7 euro ipo, dola ipo. Basi tarehe ya thamani ni 7 Aprili. Hakuna aliyeikalia hela yako siku saba, @Kaka Sanya. Benki ya Munich yenyewe ilikuwa haijapokea dola mpaka tarehe 7.

Na hapo ndipo Karume Day ikakupiga teke. Dola zilifika New York tarehe 7, kwenye akaunti ambayo benki yako inaitunza kwa benki mshirika wake kule. Huku kwetu tarehe 7 hakuna benki. Asubuhi ya tarehe 8 wakafungua, wakaona zimeingia, wakakupa.

---

Kaka Sanya

Mzee shikamoo, lakini Ijumaa Kuu hata Marekani wanafunga. Soko la hisa la New York lilikuwa limefungwa, nimeangalia.

---

Bwana Dawati

Marahaba. Soko la hisa ndiyo, linafunga. Lakini Ijumaa Kuu sio sikukuu ya serikali kuu ya Marekani, na Benki Kuu yao haifungi. Malipo ya dola tarehe 3 yalikuwa yanatembea kama kawaida. Ndiyo maana angekuwa mteja wa Texas mwenye dola zake mkononi, zingeweza kufika New York Ijumaa hiyo hiyo, maana hakuna cha kununua, ni kuhamisha tu. Kwako zingeingia tarehe 8 vile vile, kwa sababu ya kalenda yetu sisi. Ndivyo mnavyoona mambo yanavyochanganya: sikukuu moja inazuia kununua, nyingine inazuia kupokea.

---

Kibosho Kahawa

Naona kama hii inaelezea yangu. Sisi tuna kikundi, tunauza kahawa kidogo moja kwa moja kwa mchomaji mmoja wa Uholanzi. Mwaka jana alitulipa tukakatwa dola 25 sijui za nini. Je, hiyo nayo ni sikukuu?

---

Bwana Dawati

Hapana ndugu, hiyo ni kamisheni ya benki za njiani. Alituma kwa mtindo wa kugawana gharama. Mwambie achague gharama zote kwake. Usiichanganye na uzi huu, tutapotea.

---

Kibosho Kahawa

Sawa mzee. Nakaa hapa nasoma.

---

Mhasibu wa Soweto

Niongezee kidogo, mimi ni mhasibu wa loji moja, niko Moshi. Mama usikubali maneno ya kaunta, omba nakala ya ujumbe wa malipo. Zamani ulikuwa MT103, na watu bado wanauita hivyo, ila tangu Novemba 2025 benki zinatumiana kwa muundo mpya. Wakikupa nakala nzima utaona mistari kama hii:

```
<IntrBkSttlmAmt Ccy="USD">9600.00</IntrBkSttlmAmt>
<IntrBkSttlmDt>2026-04-07</IntrBkSttlmDt>
```

Mstari wa pili ndio tarehe ya thamani. Kama unasoma 2026-04-07, maelezo ya mzee Dawati yamenyooka. Kama unasoma 2026-04-02, hapo una kesi, maana dola zilikuwepo Alhamisi.

---

Bwana Dawati

Huyu mhasibu ni mtu wa kazi. Na kwa tarehe hiyo unaweza kurudi nyuma ukajua mzungu alipatana bei lini, hata kama anakudanganya. Wakati ule wa Pasaka: waliopatana Jumanne tarehe 31 Machi walipata thamani ya tarehe 2 Aprili. Waliopatana tarehe 1 walipata tarehe 7. Waliopatana Alhamisi tarehe 2 walipata tarehe 8, kwa sababu siku yao ya kwanza ilikuwa Jumanne na ya pili Jumatano. Yaani kuchelewa siku moja tu, kutoka Jumanne kwenda Jumatano, kulisogeza hela siku tano.

Mara nyingi mteja anasema "nimelipa Jumatano" kumbe alibonyeza jioni, benki yake ilishafunga dirisha la siku hiyo. Oda inapelekwa kesho, na reti inakuwa ya kesho. Hapo mteja mwenyewe anashangaa.

---

Mama wa Njiro

Nimerudi. Leo nimeenda, nimeombewa nakala, imechukua saa nzima na soda moja. Tarehe ni 2026-04-07. Kwa hiyo hakuna aliyekalia hela yangu. Barua nimeichana.

Lakini swali langu bado lipo jamani. 240,000 ni hela. Ningefanya nini ili tarehe 1 niifunge reti yangu mimi, ya shilingi?

---

Bwana Dawati

Hapa ndipo nilikuwa nangoja ufike.

Kwanza, akaunti ya shilingi ilikunyima uchaguzi. Dola zikiingia kwenye akaunti ya shilingi mfumo unazibadilisha siku hiyo kwa bei ya ubaoni, hakuna anayekuuliza. Ungekuwa na akaunti ya dola zingelala pale, ungeamua mwenyewe siku na ungepiga simu kubembeleza bei.

Pili, na hili watu wengi hawalijui. Ungeipigia benki yako tarehe 1 mchana, baada ya kupata ile barua pepe, ukaongea na dawati lenyewe, sio kaunta. Unasema: nauza dola 9,600 kwa shilingi, makabidhiano ya siku mbili. Sasa hesabu siku mbili kwa kalenda ya dola na shilingi. Alhamisi tarehe 2, siku ya kwanza. Ijumaa tarehe 3, Tanzania sikukuu. Jumatatu tarehe 6, sikukuu. Jumanne tarehe 7, Karume. Siku ya pili ni Jumatano tarehe 8 Aprili.

Unaona? Makabidhiano ya kawaida kabisa ya siku mbili yaliyopatanwa tarehe 1 yanaangukia tarehe 8, siku ile ile dola zako zilipoingia. Sikukuu zilizokuchelewesha zingekufungia bei ya tarehe 1 bila kuhitaji mkataba wowote wa mbele. Bei unapatana Jumatano, unarudi kula pilau, dola zikiingia Jumatano ijayo zinaondoka kwa bei ile ya zamani.

---

Kaka Sanya

Mzee hapo umenigusa. Na dola ikipanda je? Unarudi kudai bei ya leo?

---

Bwana Dawati

Hapana. Ukishasema "nimeuza" umeuza. Dola ingepanda shilingi 25 mama angekuwa analia kwa upande mwingine. Kufunga bei ni kujua utapata ngapi, sio kupata zaidi.

Na kuna hatari halisi. Tuseme ameuza kwa 2,600, namba ya mfano tu. Tarehe 8 inafika, dola za Munich hazipo, labda jina la kampuni limekosewa herufi na ujumbe umekwama kwa ukaguzi. Benki inadai dola 9,600 ilizonunua. Huna. Wanaweza kukusogezea siku moja mbele kwa gharama ndogo, au wanazinunua sokoni kwa niaba yako kwa bei ya kuuzia ya siku hiyo, tuseme 2,612. Tofauti ya shilingi 12 mara 9,600 ni 115,200 inatoka mfukoni kwako. Ndiyo sababu benki nyingi hazitamkubalia mteja mdogo asiye na limiti. Wao wanabeba hatari ya kwamba hutatokea. Wateja wadogo wanapewa bei ya thamani ya leo tu: lete dola, chukua shilingi.

---

Mhasibu wa Soweto

Sisi tulipata limiti baada ya kuweka amana. Mama na magari mawili sijui kama watamsikiliza kwa 9,600.

---

Bwana Dawati

Kweli, inategemea na benki na anayepokea simu. Niliwahi kuwakubalia wateja wa elfu tano kwa sababu nawajua miaka. Niliwahi kumkatalia mtu wa laki moja.

Kitu kingine mkiruhusu, halafu nikamwagilie. Bei ya thamani ya leo na bei ya siku mbili hazilingani. Shilingi ikikaa benki inalipa riba kubwa kuliko dola, kwa hiyo anayekupa shilingi baadaye anapaswa kukuongezea kidogo. Siku za kawaida ni vijisenti. Tuseme tofauti ya riba ni asilimia 3 kwa mwaka, bei ni 2,600:

```
siku 2:  2600 x 0.03 x 2 / 365 = 0.43
siku 7:  2600 x 0.03 x 7 / 365 = 1.50
```

Kuanzia Jumatatu mpaka Jumatano ni senti 43 kwa dola, hakuna anayejali. Lakini Pasaka ile "siku mbili" zilikuwa siku saba za kalenda, kuanzia tarehe 1 mpaka 8, kwa hiyo ni shilingi moja na nusu kwa dola. Kwa 9,600 ni 14,400. Riba haijui sikukuu, inahesabu kila usiku. Karani mvivu atakupa bei ile ile ya ubaoni na kuimeza hiyo tofauti. Muulize kwa upole: hapo pointi za siku saba umeweka? Atajua unajua.

---

Dada Majengo

Habari zenu. Kaka yangu yuko Norway, anatuma kwa programu ya simu, hela ya mama ya dawa. Amegundua akituma Jumamosi reti ni mbaya kuliko Ijumaa mchana, halafu Jumatatu inarudi. Anaapa kuwa wanamwibia. Soko si limefungwa Jumamosi? Reti inabadilikaje soko likiwa limefungwa?

---

Bwana Dawati

Dada, swali zuri kuliko unavyodhani. Soko la fedha za kigeni linafunga Ijumaa saa kumi na moja jioni ya New York. Kipindi hiki wako nyuma yetu saa saba, kwa hiyo huku ni saa sita usiku wa kuamkia Jumamosi. Linafunguka tena saa kama hiyo usiku wa kuamkia Jumatatu. Katikati hapo hakuna bei, kuna kumbukumbu ya bei.

Ile programu inamuahidi kaka yako bei kamili Jumamosi, lakini haiwezi kwenda sokoni kununua mpaka Jumatatu. Siku mbili hizo lolote likitokea duniani ni juu yao. Kwa hiyo wanachukua bei ya mwisho ya Ijumaa na kuongeza mto wa kujilindia. Bei haijabadilika, wamekutoza bima. Wengine hawaongezi mto, wanakuonyesha makadirio tu na kufunga bei hela ikiwafikia Jumatatu. Mwambie asome pale chini, pana maandishi madogo yanayosema bei imefungwa kwa saa ngapi na saa hizo zinaanza lini.

Tawi lenu hapa likiwa wazi Jumamosi asubuhi ni hivyo hivyo. Kaunta iko wazi, dawati limelala. Ukibadilisha dola Jumamosi unapewa bei ya Ijumaa iliyopanuliwa.

---

Kaka Sanya

Haya mzee, nimekubali kwenye sikukuu. Ila sijajibiwa hili la siku mbili zenyewe. Ujumbe ni sekunde tatu. Hisa za Marekani zenyewe walishaenda siku moja. Kwa nini fedha bado siku mbili?

---

Bwana Dawati

Hisa ni kweli, tangu Mei 2024. Na dola ya Marekani kwa ya Kanada siku zote ni siku moja. Teleksi ndiyo ilianzisha, hujakosea. Ila iliyobaki sio ujumbe. Kila upande unatakiwa uwe na hela upande wake, kwa saa za kazi za kule, na wathibitishe kwamba wanazungumzia kiasi kimoja na akaunti moja. Munich wanafunga wakati New York wanakunywa chai ya asubuhi. Mwaka 1974, tarehe 26 Juni, benki moja ya Cologne, Herstatt, ilifungwa jioni ya Ujerumani. Wenzake walikuwa wameshailipa marki mchana, wakawa wanangoja dola New York. Dola hazikuja. Kutokana na hapo ndipo watu waliogopa kulipa upande mmoja kabla ya mwingine, na mwaka 2002 ikaanza CLS, inayolipa pande zote mbili kwa mpigo. Shilingi yetu haimo humo.

Je, inaweza kuwa siku moja? Inaweza, wakubwa wanapatana hata thamani ya leo leo. Wanalipia tu. Mimi naona itakuja kufupishwa, wenzangu wa zamani wanabisha, hatujamalizana.

---

Mhasibu wa Soweto

Mimi nina moja ambalo sijamalizana nalo na benki yetu. Dola zilifika New York tarehe 7. Sisi tumepewa tarehe 8. Je, hatustahili thamani ya tarehe 7? Kwenye akaunti yetu ya dola walituandikia thamani ya 8. Naona hiyo siku moja ni ya benki bure.

---

Bwana Dawati

Kwenye akaunti ya dola nakuunga mkono, wangeweza kurudisha tarehe ya thamani nyuma. Kwa akaunti isiyo na riba haikuongezei kitu, lakini kama mna mkopo wa dola inapunguza siku moja ya riba, kadai. Kwa mama aliyebadilishiwa kuwa shilingi ni ngumu zaidi: tarehe 7 hakukuwa na bei ya ubaoni ya kumpa. Wampe ya lini? Ya tarehe 2?

---

Mhasibu wa Soweto

Ya tarehe 2 ndiyo. Ndiyo bei ya mwisho iliyokuwepo.

---

Bwana Dawati

Hapo tutabishana mpaka parachichi zioze. Ungesema hivyo kama dola ingepanda?

---

Mhasibu wa Soweto

😂 Mzee umenishika.

---

Mama wa Njiro

Wakuu nimejifunza kuliko semina zote nilizohudhuria. Kesho nafungua akaunti ya dola. Swali la mwisho: yule yule wa Munich analipa salio Ijumaa tarehe 3 Julai. Tarehe 4 ni sikukuu ya Marekani, tarehe 7 ni Saba Saba. Natakiwa niwe na shilingi kabla ya tarehe 9 kulipa loji.

---

Bwana Dawati

Tarehe 4 Julai mwaka huu ni Jumamosi, na sikukuu ikiangukia Jumamosi Benki Kuu ya Marekani huwa haifungi Ijumaa. Kwa hiyo akipatana Ijumaa tarehe 3: Jumatatu 6 ni moja, Jumanne 7 ni mbili, euro na dola zote zipo. Thamani tarehe 7, New York. Sisi tuko Saba Saba. Unazipata Jumatano tarehe 8.

Ukipiga simu Ijumaa hiyo hiyo kuuza dola kwa shilingi: Jumatatu 6 moja, Jumanne imefungwa, Jumatano 8 mbili. Inaangukia pazuri tena. Ukichelewa mpaka Jumatatu kupiga, siku ya kwanza ni Jumatano na ya pili ni Alhamisi tarehe 9. Hapo kwa loji umechelewa, labda uuze tarehe 8 kwa thamani ya leo.

Ila mwambie mzungu alipe Alhamisi tarehe 2. Thamani inakuwa Jumatatu tarehe 6.

---

Mama wa Njiro

Na Jumatatu tarehe 6 nitaziona jioni hiyo hiyo?

---

Bwana Dawati

Sikuahidi. New York saa tatu asubuhi yao huku ni saa kumi jioni, tawi linafagia. Benki nyingine inakupa kwa kuamini ujumbe uliokuja mapema, nyingine inangoja ione hela kwenye akaunti yake ya kule. Ikingoja, unazipata tarehe 8 licha ya yote.

---

Mhasibu wa Soweto

Yetu inangoja.

---

Mama wa Njiro

Basi namwandikia alipe Jumatano tarehe 1 Julai. Akisema sikukuu ya kwao sijui nitarudi hapa.